Nyenje, Zumari na Wimbo wa Nne: Kaseti ya Chumbageni Ilivyopata Jina

Mama mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, alikuwa anatafuta albamu ambayo marehemu baba yake alizoea kuipiga usiku baada ya chakula. Jina la albamu hakulijua, wala la mwanamuziki. Hakukumbuka neno hata moja lililoimbwa, na hakuwa na hakika liliimbwa kwa lugha gani. Kaseti yenyewe ililiwa na redio zamani, utepe ukatupwa. Kilichobaki kichwani mwake ni jinsi upande wa kwanza ulivyokuwa ukienda, hali moja ikifuata nyingine, na mpangilio huo aliushikilia kama mtu anayehesabu ndugu zake.

Mimi nashughulika na redio kaseti pale Ngamiani, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kuhamisha kaseti za watu kwenda kwenye flashi. Kwa hiyo maswali ya namna hii hunifikia. Mengi hayafiki popote, kwa sababu mtu anakuja na hali tu: "ulikuwa muziki wa huzuni", "ulikuwa mtamu sana". Hali peke yake haitafutiki. Hali zikija kwa zamu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hapo kuna kitu cha kushika, mradi kila hali igeuzwe kuwa jambo linaloweza kukaguliwa.

Nilimwomba anisimulie mara moja bila mimi kumkatiza, nikaandika kama alivyosema. Kwanza kabisa walisikika nyenje, kisha zumari likalia polepole, halina haraka. Hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili ilikuwa gitaa, na chini yake ngoma za kupigwa kwa mikono, mwanzo taratibu kisha zinapanda. Ya tatu ilichangamka, "kama watu wanaokimbilia basi". Ya nne mtu aliimba kwa nguvu, ikaisha upesi mno. Ya tano gitaa lililia peke yake kwa muda mrefu, na hapo baba alikuwa akiongeza sauti na nyumba nzima hunyamaza. Ya sita ilianza pole na watu wakiimba. Ya saba ilikuwa kelele na haraka, na yeye mara nyingi alikuwa ameshalala. Baadaye kitufe cha redio kinaruka, tap.

"Na hao nyenje, mwanangu, usiwatie hesabuni," akaniambia. "Hao walikuwa wa uani kwetu. Yule aliyerekodi aliacha dirisha wazi."

Niliwatia hesabuni, lakini pembeni, na alama ya kuuliza. Kaseti ya kurekodiwa kutoka kwenye santuri kwa waya haichukui sauti za nje hata dirisha likiwa wazi. Zingeweza kuingia tu kama kaseti ilirekodiwa kwa maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika, jambo ambalo watu walilifanya sana. Swali likawa ni lipi kati ya hayo mawili, na jibu lake lilikuwa na uzito mkubwa. Kama nyenje ni wa uani, ni takataka. Kama ni wa kwenye santuri, ndio alama bora kuliko zote alizonipa, maana albamu zinazofunguliwa na wadudu wa usiku si nyingi.

Nikauliza kama nyenje walisikika pia katikati ya nyimbo, pale ngoma zikipungua. Hapana, mwanzoni tu. Je, mbwa, jogoo, adhana, mtu kukohoa? Hapana kabisa. Rekodi ya maikrofoni chumbani haiwi safi hivyo kwa nusu saa nzima, na nyenje wa Tanga hawanyamazi kwa heshima ya zumari. Nikawahamisha nyenje kutoka uani nikawaweka kwenye santuri.

Kabla ya kutafuta chochote, kuna jambo lazima lijulikane: je, mpangilio anaoukumbuka ni wa albamu, au ni wa mtu aliyechanganya nyimbo? Hapa ndipo watu wengi hupoteza muda. Kaseti ya mchanganyiko haitapatikana kwa mpangilio hata ungefanya nini, kwa sababu haikuwahi kutoka popote. Hata kaseti za dukani zina lake, maana kampuni wakati mwingine zilihamisha nyimbo ili pande mbili zilingane kwa urefu, hivyo mpangilio wa kaseti ukatofautiana na wa santuri. Mama alikumbuka kuwa kaseti haikuwa na picha wala maandishi ya kiwandani, na kwamba aliyemrekodia baba yake ni mwenzake wa kiwanda cha kamba aliyekuwa na mashine ya santuri. Hiyo ni habari njema. Anayerekodi santuri nyumbani huweka sindano mwanzoni na kuiacha itembee mpaka mwisho wa upande, kwa hiyo mpangilio unabaki ule ule wa santuri.

Kilichonisaidia kuamini zaidi ni alivyosema kuhusu kimya. Nyimbo, alisema, "hazikuwa zinakatika". Moja ilikuwa ikiingia ndani ya nyingine. Kaseti ya mchanganyiko ina mikato, na sikio linaisikia: kubofya, kimya, kupanda kwa sauti ghafla. Nyimbo zinazomwagikiana ni kazi ya studio.

Lakini jambo hilo hilo linaharibu hesabu. Kama hapakuwa na kimya, yeye alijuaje wimbo mmoja umeisha? Kwa kubadilika kwa hali. Yaani alizokuwa akizihesabu ni hali, si nyimbo. Wimbo mrefu wenye sehemu mbili ataupa namba mbili, na nyimbo mbili zinazofanana zitapewa namba moja. Kwa hiyo "ya nne" yake nisingeweza kuichukua kama namba nne ya kwenye jalada. Niliichukua hivi: kuna ala tupu kwa muda mrefu, kisha sauti ya kwanza ya binadamu inaingia katika kipande kifupi, kisha inaondoka tena. Hilo ni dai linaloweza kukaguliwa bila kujali namba.

Urefu nao ulikuwapo, ila umejificha. Aliwahi kutaja kwamba kaseti ilikuwa "ya sitini", na baba yake alikuwa akinunua hizo tu. C60 ina dakika 30 kila upande. Nikamuuliza, baada ya muziki kuisha, kulikuwa na muda gani wa utepe mtupu, ile shhh, kabla kitufe hakijaruka? Akacheka. Kidogo tu, akasema, baba hakuwahi kuinuka kuizima, aliiacha mpaka iruke yenyewe.

Santuri nyingi za muziki wa namna hii zina dakika kama 18 hadi 22 kila upande, maana ukizidisha sana, mifereji inabanana na sauti inapungua nguvu. Santuri ya dakika 20 kwenye C60 ingeacha dakika kumi za shhh, na hakuna mzee anayesikiliza utepe mtupu dakika kumi. Kwa hiyo natafuta santuri ambayo upande wake wa kwanza ni mrefu kuliko kawaida, dakika 25 na kitu hivi. Sikumwambia hilo. Shahidi akishajua unachokitafuta, kumbukumbu yake huanza kukusaidia, na msaada huo ni sumu.

Zumari lilinisumbua. Kwa mtu wa pwani, zumari linavuta mawazo kwenye harusi na ngoma, na ungeweza kupotelea kwenye taarabu au muziki wa Kiarabu ukakaa huko mwezi. Nilimchezea vipande vifupi vya ala tatu bila kumtajia majina: zumari lenyewe, klarineti na saksafoni ya chini. Akachagua saksafoni bila kusita, akashangaa kuwa haikuwa zumari. Ngoma za mikono nazo nilizifanyia vivyo hivyo, akachagua konga. Tukawa na konga, gitaa la umeme linalolia, saksafoni mwanzoni, na sauti ya binadamu kwa uchache. Muziki wa dansi wa nyumbani ukaanguka hapo. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na gitaa walilijua vizuri, lakini dansi la miaka ile ni la nyimbo zenye maneno, na lilitoka zaidi kwenye sahani ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Huwezi kusikiliza dakika nyingi za dansi bila kuimbiwa.

Programu za simu zinazotambua wimbo hazikuwa na kazi hapa. Shazam inahitaji isikie rekodi yenyewe, nasi rekodi hatuna. Ile ya Google ya kuimba ukiwa umefumba mdomo tuliijaribu kwa kipande cha tano, ambacho mama anakiweza kidogo. Ilileta nyimbo za mapenzi zisizohusiana. Njia hiyo hufanya kazi pale wimbo una mdundo wa sauti unaojirudia ambao wengi wanauimba. Gitaa linalobuni njia yake huku likienda halina kiitikio cha kushika.

Nikaenda kwenye MusicBrainz, hazina ya wazi ya habari za albamu, ambako unaweza kubana utafutaji kwa aina na miaka. Mama alikuwa shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1970 na kaseti ilishakuwapo nyumbani, kwa hiyo kikomo cha juu kilikuwa 1980. Kwenye kisanduku cha utafutaji wa vikundi vya matoleo nilichagua njia ya "advanced query syntax", nikaandika hivi, fusion ikiwa ni jazi iliyochanganywa na roki:

```
tag:fusion AND primarytype:album AND firstreleasedate:[1968 TO 1980]
```

Orodha inatoka ndefu, na ina tundu moja ambalo ni vizuri kulijua: lebo hizo huwekwa na watumiaji, na albamu ambayo hakuna aliyeiwekea lebo haitatokea. Niliitumia kukumbushwa majina tu. Kazi ya kuchuja niliifanya kwenye tovuti ya Discogs, ambako matoleo mengi yameorodheshwa nyimbo kwa pande, A1, A2, A3, mara nyingi na dakika zake. Hapo unajumlisha upande wa kwanza bila kusikiliza hata noti moja.

Konga pamoja na gitaa la umeme linalolia, miaka ya sabini, kwa yeyote aliyekaa na santuri kidogo vinamwelekeza kwa Santana. Hilo ni jepesi. Ugumu ni kwamba bendi hiyo ilitoa albamu kadhaa zinazofanana kwa hali, na mtu akimchezea shahidi wimbo wowote wao, shahidi atasema "ndiyo sauti hiyo hiyo!" Atakuwa sahihi kuhusu sauti, na bado albamu siyo.

Hapo ndipo mpangilio unapofanya kazi yake. Abraxas ya 1970 inafunguliwa kwa ala tupu, yenye kengele za upepo na hali ya usiku, na kwa wimbo wa kwanza inafanana vizuri na masimulizi. Lakini wimbo wa pili ni Black Magic Woman, na pale pana mtu anaimba. Sauti imewahi mno. Welcome ya 1973 inaanza kwa kinanda kizito kisicho na maneno, na wimbo wa pili tayari una waimbaji. Imeanguka kwa sababu ile ile. Borboletta ya 1974 ndiyo iliyonipa taabu. Inafunguliwa kwa sauti za kama msituni, inafuata ala tupu, kisha wimbo wa tatu una maneno. Kwa mtu anayehesabu hali badala ya nyimbo, tofauti ya nafasi moja si sababu ya kutupa albamu. Ikabaki kwenye orodha.

Ya mwisho ni Caravanserai, iliyotoka 1972. Upande wa kwanza una nyimbo sita: Eternal Caravan of Reincarnation, Waves Within, Look Up, Just in Time to See the Sun, Song of the Wind, na All the Love of the Universe. Dakika zake ni 4:28, 3:54, 3:00, 2:18, 6:04 na 7:40. Jumlisha, unapata 27:24. Kwenye C60 inabaki dakika mbili na nusu za utepe mtupu. Wimbo wa nne ndio mfupi kuliko wote, na ndio wa kwanza kuimbwa. Na albamu inaanza na nyenje.

Mtu angeweza kuishia hapo. Mimi naona hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu mama ana hamu, mimi nina hamu, na mtu mwenye hamu akisikia gitaa la Santana atalia machozi na kusema ndiyo. Machozi si ushahidi. Nilitaka aniambie kitu kabla hajakisikia.

Kwa hiyo alipokuja na bintiye, sikuanza na nyenje. Nilianza na Borboletta, bila kuitaja, nikaiacha itembee. Alisikiliza kwa adabu. Ulipofika wimbo wa tatu akatikisa kichwa: "Huyu kawahi kuimba." Nikaibadilisha. Nikaweka Caravanserai kuanzia katikati ya Just in Time to See the Sun, nikasimamisha sekunde chache kabla haijaisha.

"Mama, kinafuata nini?"

"Kinafuata kile cha baba," akasema. "Gitaa. Linaingia polepole, halipigi kelele."

Nikaachia. Likaingia Song of the Wind, gitaa polepole juu ya mdundo usio na haraka, na bintiye akanitazama mimi badala ya kumtazama mama yake.

Jibu moja linaweza kuwa bahati, hivyo nikafanya tena kwenye mpaka kati ya wimbo wa pili na wa tatu. Nikasimamisha kabla Waves Within haijaisha, akasema sasa wanachangamka. Kweli, Look Up ina mdundo wa kukatakata. Mwisho nikamwekea mwanzo wenyewe, bila kusema. Nyenje wakalia, besi ikaingia, saksafoni ya Hadley Caliman ikapuliza. Akakaa kimya, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyedanganywa: "Kumbe hawakuwa wetu?"

Hesabu yake ya saba dhidi ya nyimbo sita nayo ilijieleza. All the Love of the Universe inaanza taratibu, watu wanaimba, kisha inageuka kuwa ala tupu zinazokwenda kasi mpaka mwisho. Kwake hizo zilikuwa mbili, ya sita yenye waimbaji na ya saba yenye kelele. Ningemshikilia kwamba albamu lazima iwe na vipande saba upande wa kwanza, ningeitupa Caravanserai kwenye Discogs kabla ya kuisikiliza.

Kuna jambo moja la kiufundi wakati wa kumsikilizisha shahidi albamu ya aina hii kwa simu. Zima kuchanganya nyimbo, na hakikisha programu haiongezi kimya kati ya wimbo na wimbo wala haizipitishi moja juu ya nyingine. Nyimbo zinazomwagikiana zikikatwa kwa nusu sekunde, mtu anayezikumbuka kwa jinsi zinavyoungana atasema siyo, na atakuwa na haki. Mimi nilitumia faili moja la upande mzima. Pia kasi: redio za zamani, mkanda wake ukilegea, zilikuwa zikienda taratibu kidogo na muziki ukashuka. Mama alisema mwanzo wa gitaa ulikuwa "mzito zaidi" kwao. Nilipunguza kasi kwa asilimia tatu, akasema hivyo hivyo. Sijalipa uzito sana jambo hilo, kwa kuwa wakati huo alishajua jibu.

Upande wa pili hakukumbuka chochote, na nilimwekea wote. Una nyimbo nne, dakika 24 na ushei, na unaanza na Future Primitive, ambayo karibu yote ni ngoma. Alisema hajapata kuusikia maishani. Inawezekana kabisa alikuwa amelala kila mara, na inawezekana vilevile yule mwenzake baba alirekodi kitu kingine upande ule. C60 zilikuwa ghali na watu hawakupoteza upande. Kuhusu upande B siwezi kudai lolote, na kwenye karatasi niliyompa niliandika jina la albamu, mwaka, na "upande A tu".

Aliomba nimrekodie kwenye kaseti, si kwenye flashi. Nilikuwa na C60 moja ya zamani ambayo bado ina nguvu. Bintiye akataka niijaze zile dakika mbili na nusu za mwisho kwa wimbo mwingine, mama akakataa.

"Wacha iruke yenyewe," akasema, akauliza ni shilingi ngapi.